Mistari Sita Kabla ya Saa Nne

Tangu 2023 zabuni za serikali nchini Tanzania hupita kwenye mfumo wa NeST. Mashirika mengi yasiyo ya kiserikali na kampuni nyingi binafsi, hata hivyo, bado hupokea zabuni kwa barua pepe, na humo ndimo ilimo kazi ninayoipenda: ile barua fupi inayobeba viambatisho. Nimesoma nyingi nikiwa upande wa kamati. Nyingi huanza na “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, kisha aya mbili za kuisifu kampuni. Hii hapa ni tofauti. Aliiandika karani wa karakana ndogo ya useremala, kujibu zabuni iliyokuwa ikifungwa Ijumaa saa 4:00 asubuhi. Kichwa chake kilisomeka: “Zabuni Na. 07/2025, madawati 240, barua 1 kati ya 2 (ufundi)”.

“Ndugu Katibu,

Tunawasilisha zabuni yetu ya kutengeneza na kufikisha madawati 240.
Barua hii ina kiambatisho kimoja: Ufundi.pdf, kurasa 46.
Barua ya 2 ina Fedha.pdf, kurasa 4, iliyofungwa kwa neno la siri; tutalituma Kamati itakapoliomba.
Dhamana halisi ya zabuni imekabidhiwa mapokezi leo saa 5:20 asubuhi.
Masharti yetu yote ni yale ya fomu iliyosainiwa, ukurasa wa 3.
Tunaomba mthibitishe kupokea barua zote mbili.”

Basi. Hakuna bei popote, na hapo ndipo ustadi unapoanzia. Zabuni ya bahasha mbili inataka kamati ipime ubora wa dawati kabla ya kujua gharama yake. Mzabuni anayeandika “bei yetu ni nafuu, milioni kadhaa tu” kwenye barua ya ufundi amekwisha kuichana bahasha ya pili kwa mkono wake, na kamati inayofuata taratibu humwondoa kabla haijaangalia hata mbao zake. Neno la siri nalo limezuiliwa kwa sababu hiyo hiyo. Wapo wanaolifunga faili kwa uangalifu mkubwa kisha wakaliandika neno lenyewe mstari wa chini yake.

Mstari ninaoustahi zaidi ni wa tano, ule wa masharti. Barua ya kusindikiza husomwa kama sehemu ya zabuni. Mwaliko ulitaka bei idumu siku 90, na fomu iliyosainiwa ilisema 90. Sasa fikiria karani angenakili barua ya zamani yenye maneno “bei hizi ni halali kwa siku 30”, kama ilivyo kwenye ankara kifani za karakana nyingi. Kamati ingekuwa na ahadi mbili zinazopingana kutoka kwa mtu mmoja, na ahadi fupi ingetosha kumwangusha. Yeye hakurudia sharti hata moja, aliwaelekeza tu ukurasani. Kwa jicho la haraka mstari ule unaonekana mkavu, kumbe ndio uliofikiriwa kuliko yote.

Idadi ya kurasa ina kazi yake pia. Faili likifunguka na kurasa 45, katibu anajua papo hapo kwamba kuna kasoro, na mzabuni hawezi kudai baadaye kwamba ukurasa fulani ulipotelea ofisini.

Kisha kuna uzito, ambao hauonekani kwenye maneno. Mwaliko uliweka kikomo cha megabaiti 10 kwa kila barua. Faili la ufundi lilikuwa na 8 baada ya kuskaniwa kwa rangi, na mtu angedhani limepita. Lakini kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi ili kisafiri, kila baiti 3 zikawa herufi 4, hivyo megabaiti 8 hufika mlangoni zikikaribia 11 na kurudishwa. Karani aliskani upya leseni na vyeti kwa rangi nyeusi na nyeupe, akaziacha picha za madawati pekee na rangi, faili likashuka hadi 5.

Barua zote mbili zilitoka Alhamisi alasiri. Kinachohesabiwa ni muda ambao seva ya mpokeaji imeipokea barua, si ule wa kubonyeza kitufe, na barua ya saa 3:58 inaweza kuingia saa 4:03 bila kosa la mtu yeyote. Baada ya kutuma aliingia kwenye folda ya zilizotumwa, akafungua kila kiambatisho kutoka humo, kwa kuwa faili linaloharibika wakati wa kupakiwa hubaki zima kwenye kompyuta yako. Jioni katibu alithibitisha barua ya 1 tu. Ijumaa saa 2:00 asubuhi karani akapiga simu: “Shikamoo mzee, ile ya pili mmeiona?” Ilikuwa imetupwa kwenye barua taka, kama inavyotokea kwa mafaili yaliyofungwa ambayo kichuja taka hakiwezi kuyachungulia. Ikatolewa huko ikiwa na muda wake wa Alhamisi, na saa mbili zilikuwa zimebaki za kuituma tena kama isingepatikana.