Barua ya Simu: Hesabu Iliyomfanya Baba Achukue Kalamu

Barua ninayoichambua iliandikwa mwezi Desemba na kijana aliyekuwa akijiandaa kuingia kidato cha tatu, katika shule ya kutwa mjini Tanga. Ina kurasa mbili za daftari na inaanza na "Baba na Mama, shikamooni", bila ile "YAH:" ambayo vijana huibandika wakitaka kuonekana wazito. Anataka simu ya kuchezea Free Fire, na anasema hivyo kwenye sentensi ya pili. Wengi wangeandika "simu ya kujisomea", na mzazi yeyote angenusa harufu ya uongo kabla ya kufika aya ya pili.

Kabla ya kutaja bei, anaeleza ugonjwa wa simu aliyonayo. RAM ni GB 2, hivyo mchezo unafunguka lakini unaganda wapinzani wakikaribia. Ikishapata moto, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mambo huzidi kuwa mabaya. Anachohitaji amekiandika kwa sifa, si kwa jina la simu: RAM GB 8 na prosesa ya Helio G99 au inayoizidi. Matoleo hubadilika kila baada ya miezi michache, kwa hiyo sifa hudumu kuliko jina. Tena ameonya kwamba tangazo la "GB 16" mara nyingi ni GB 8 za kweli, na nyingine 8 ni nafasi ya kuhifadhia mafaili iliyoazimwa, ambayo kasi yake ni ndogo. Hapo baba anajua kwamba mwanawe hatadanganywa dukani.

Nguvu ya barua iko kwenye hesabu. Duka alilouliza lilimtajia Sh 480,000. Simu ya zamani ataiuza Sh 80,000, hivyo zinabaki Sh 400,000 za kutafuta. Kwenye hela ya matumizi ya shule atabana Sh 500 kwa siku, sawa na Sh 10,000 kwa mwezi. Barafu anazouza jioni zinampa faida ya Sh 20,000 kwa mwezi. Kisha anawaomba wazazi waongeze Sh 1,000 kwa kila Sh 2,000 atakazoweka yeye. Jumla ni Sh 45,000 kwa mwezi, na kwa hesabu ya harakaharaka, akianza Januari, simu inapatikana Septemba.

Yeye hakuishia hapo. Machi hadi Mei ni masika, na nani hununua barafu mvua ikinyesha? Kwa miezi hiyo mitatu ameikata faida ya barafu nusu. Juni shule hufungwa, hivyo ameifuta hela ya matumizi ya mwezi mzima. Akiba yake mwenyewe mpaka mwisho wa Septemba ikashuka kutoka Sh 270,000 hadi Sh 230,000, na pamoja na nyongeza ya wazazi ni Sh 345,000 tu. Oktoba zinafika Sh 390,000, bado hazijatosha. Novemba ni Sh 435,000. Kwa hiyo ameandika Novemba, na Sh 35,000 zitakazozidi amezitengea kava, kioo cha kulinda na bei kupanda. Mpango unaochelewa miezi miwili kwenye karatasi ni rahisi kukubaliwa kuliko unaochelewa miezi miwili baada ya kukubaliwa.

Fedha zitakaa kwa mama. Kila Jumapili kiasi kitaandikwa kwenye daftari, na mama na kijana watatia saini. Mwezi ambao kijana atachomoa hata shilingi, nyongeza ya wazazi haitatolewa. Kifungu hiki nakipenda kuliko vyote, kwa sababu adhabu imeandikwa na mwenye kuadhibiwa. Vilevile hakuahidi kuwa wa kwanza darasani, jambo ambalo haliko mikononi mwake. Ameahidi kukabidhi simu saa tatu usiku, na hilo mama anaweza kulithibitisha kwa macho.

Iwapo atanunua iliyotumika, ataichezea dukani dakika ishirini aone kama inachemka, atabonyeza *#06# apate namba ya IMEI, kisha ataituma kwenda 15090 kuhakiki kama ni halisi.

Kasoro ni moja, nayo ni kubwa. Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi, ila kupakua mchezo na masasisho yake hula GB kwa GB, na barua haikusema neno. Baba aliirudisha na maneno mawili ya kalamu nyekundu pembeni: "Bando je?" Jibu lilikuja siku iliyofuata, mistari miwili chini ya wino ule mwekundu: Sh 2,000 kwa wiki, kutoka kwenye barafu, kuanzia siku simu itakaponunuliwa, na wiki ambayo barafu hazikuuzika, hakuna bando.