Tahariri kuhusu usalama barabarani haijengwi kwa ukali wa maneno

Wanafunzi wetu wa shule za upili hufunzwa sura ya tahariri kwa sababu huenda wakaiona katika mtihani wa KCSE: jina la gazeti, tarehe, kichwa, utangulizi, mwili, hitimisho, kisha jina la mhariri. Sura hiyo ni muhimu, lakini haimwambii mtu jinsi ya kushika msimamo. Ndiyo maana tunasoma tahariri nyingi zilizo kamili kwa sura na kali kwa lugha, ilhali ukimaliza kuzisoma huwezi kusema zinamtaka nani afanye nini. Makala ya leo inahakiki rasimu moja ya aina hiyo, niliyoletewa na mwandishi chipukizi wa Isiolo. Mwandishi mwenyewe hana makosa ya kipekee. Ameandika jinsi wengi wanavyoandika.

Msomaji asiyelijua eneo hilo akumbuke kwamba Isiolo ipo kwenye barabara kuu ya A2, inayoelekea Marsabit hadi Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia. Kwa miaka mingi lami ilikomea pale. Ilipofika Moyale, safari iliyokuwa ikichukua siku kadhaa juu ya lori ikawa ya siku moja. Mgonjwa alipona njiani, mfugaji akafikisha mbuzi wake sokoni. Ila lami hiyohiyo ilileta mwendo wa kasi mahali ambapo watu, ngamia na bodaboda hutumia njia ileile.

Rasimu ilianza hivi: “Barabara ya mauti imekunywa damu tena. Ajali hizi zimezidi. Madereva wote wa mabasi na malori ni wauaji. Serikali iamke, na wadau wote washirikiane kukomesha janga hili.”

Hebu tuanze na mtenda. Katika sentensi ya kwanza, mtenda ni barabara. Hiyo ni tashihisi, na tashihisi ina nafasi yake katika ushairi. Katika tahariri humfichia uso yule anayepaswa kuwajibika. Ndugu yake wa karibu ni ule usemi wetu wa habari, “gari lilipoteza mwelekeo.” Gari halina mwelekeo wake lenyewe hata lipoteze. Kuna dereva aliyekuwa na kasi fulani, au gurudumu lililokwisha, au shimo lisilozibwa, au punda aliyeachwa barabarani usiku. Kila mojawapo lina mwenye kuulizwa wake, na sarufi ya usemi huo imewaficha wote kwa pamoja.

Neno “ajali” nalo lina mzigo wake. Tumelitoa katika Kiarabu, ambako asili yake ni muda uliowekwa, yaani kikomo cha uhai wa mtu. Maana hiyo haijatutoka. Ndiyo tunayoisikia mtu anaposema kwamba ajali haina kinga. Sisemi tuliache neno hili, maana hakuna msomaji atakayekubali lingine. Ninachosema ni kwamba mhariri anayetaka kudai hatua hawezi kuegemea neno ambalo nusu ya maana yake inasema hakuna la kufanywa. Akilitumia, sentensi inayofuata sharti itaje chanzo. Kama chanzo bado kinachunguzwa, aandike “huenda,” na kama dereva amefikishwa mahakamani, amwachie hakimu kazi ya kumtia hatiani.

Hapo tunafika kwa “madereva wote.” Dai hili halina haki, na pia ni dhaifu, kwa kuwa dereva mmoja tu mwangalifu akijitokeza linaanguka. Wengi hulitibu kwa “baadhi ya madereva.” Dawa hiyo ni mbaya kama ugonjwa, kwa sababu kila dereva atakayesoma atadhani anasemwa mwenzake. Njia bora ni kutaja kitendo badala ya kundi: “dereva anayepita katikati ya mji wa Isiolo kwa kilomita 80 kwa saa.” Aliye makini hajaguswa, na anayefanya hivyo hana pa kujificha.

“Serikali iamke” nayo, eti ipi? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa barabara kuu za kitaifa kwa serikali ya kitaifa, na barabara za kaunti kwa kaunti. A2 inasimamiwa na Halmashauri ya Barabara Kuu za Kitaifa (KeNHA). Utoaji wa leseni na usimamizi wa magari ya uchukuzi ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Kupima kasi na kukamata ni kazi ya polisi. Mwandishi anayemlaumu gavana kwa tuta lisilojengwa kwenye A2 amemwonea gavana, na kumwachilia anayehusika. Neno “wadau” ni baya zaidi, maana lawama ikigawiwa watu wote haimwelemei yeyote.

Sasa tujaribu kuijenga upya. Dai liwe moja: mabasi na malori yapite mjini Isiolo kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Msimamo huu ni imara kwa sababu hauombi sheria mpya. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, tayari inaweka kikomo cha 50 ndani ya miji na vituo vya biashara, na cha 80 kwa magari ya abiria na ya mizigo kwingineko. Kidhibiti mwendo, kilichosisitizwa na kanuni za waziri John Michuki za 2003, humzuia dereva asipite 80. Hakijui kwamba gari limeingia mjini. Kwa hiyo gari lenye kidhibiti kizima kabisa linaweza kuivunja sheria katikati ya Isiolo, na hilo ni jambo ambalo msomaji wa kawaida hajaambiwa.

Je, tofauti ya 50 na 80 ina uzito gani? Tuchukue dereva anayehitaji sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki, kwenye lami kavu, na breki nzuri. Akiwa na mwendo wa 50 atasimama baada ya mita 35 hivi. Akiwa na mwendo wa 80 atahitaji takriban mita 68. Mtoto akichomoka mita 40 mbele yake, yule wa kwanza atasimama kabla ya kumfikia. Yule wa pili atakuwa amemaliza mita 33 kabla hata breki haijashika, na atamgonga akiwa bado anaenda kwa zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Nimekadiria kwa gari dogo. Lori lenye mzigo huhitaji nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo hesabu hii inampendelea dereva.

Uadilifu unadai kwamba upande wa pili usikike, tena kwa hoja yake iliyo bora. Dereva atasema kwamba analipwa kwa kufika na kwamba safari ni ndefu. Tumpigie hesabu. Ikiwa mji au soko linachukua kilomita 3 za barabara, kulipita kwa 80 ni dakika mbili na robo. Kwa 50 ni dakika tatu na sekunde 36. Amepoteza dakika moja na sekunde 21. Hata akikutana na vituo kumi vya namna hiyo hadi Moyale, hasara yake ni chini ya robo saa. Mhariri aliyeandika hivi hajamdharau dereva. Amechukua lalamiko lake, akalipima, na kumwonyesha kimo chake.

Lipo pingamizi jingine ambalo mwandishi wa Nairobi hangelifikiria. Barabara hii ina historia ya ujangili, na magari yalizoea kusafiri kwa msafara yakilindwa na polisi. Dereva anaogopa kupunguza mwendo gizani porini, na hofu hiyo si ya kijinga. Hapa mhariri asibishane naye. Aweke mpaka kwenye dai lake mwenyewe. Anachodai ni mwendo wa mjini, penye watu na taa, wala hataki matuta nyikani. Dai lililowekewa mpaka husimama vizuri zaidi, kwa sababu mpinzani hapati mahali pa kulivutia lisikokusudia.

Takwimu pia ni mtihani wa haki. Kwa mwaka wa 2016, hesabu rasmi ya Kenya ilikuwa watu 2,965 waliofariki barabarani, ilhali makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) yalikuwa 13,463. Namba ya kwanza ni ya vifo vilivyoandikishwa na ya pili ni makadirio ya kitaalamu, kwa hiyo hazihesabu kitu kimoja. Mwandishi mwenye papara atanyakua ile kubwa bila kutaja ilikotoka. Ningemshauri atumie ile ndogo na aseme ni ya nani, kwa kuwa hoja inayosimama juu ya namba isiyompendelea mwandishi ni ngumu kuiangusha. Na akumbuke kwamba zote mbili ni za nchi nzima. Hazithibitishi lolote kuhusu Isiolo. Kwa hilo aende kwenye kitabu cha matukio cha kituo cha polisi na rejista ya hospitali, aone ni wangapi waligongwa mjini, saa ngapi, na sehemu gani.

Mwisho ni vitenzi vya kuagiza. Rasimu ilisema “ni lazima” katika kila aya, mpaka neno likachuja. Katika Kiswahili tuna ngazi. “Sharti” itumike pale sheria inapomfunga mtu: dereva sharti asizidi 50. “Tunaitaka” ni kwa afisi yenye mamlaka: tunaitaka KeNHA iweke alama na matuta kwenye viingilio vya mji. “Yafaa” ni kwa ushauri: yafaa wenye mabasi wasiwapangie madereva muda usiowezekana. Msomaji akiziona ngazi hizi hutambua kwamba mhariri anajua kipi ni amri na kipi ni ombi.

Basi aya ya ufunguzi ingesomeka hivi: “Sheria inasema gari lisizidi kilomita 50 kwa saa mjini Isiolo. Mabasi na malori yanayopita kwa 80 yanaivunja, hata yakiwa na vidhibiti mwendo. Tunaitaka KeNHA ijenge matuta kwenye viingilio vya mji, na polisi wapime kasi hapo mchana na usiku. Dereva atapoteza chini ya dakika moja na nusu.”

Hakuna damu wala muuaji katika maneno hayo, na bado ni makali kuliko rasimu ya kwanza. Tena yana tarehe ya kukaguliwa: baada ya miezi sita mtu yeyote anaweza kusimama kwenye kiingilio cha mji na kuona kama tuta lipo au halipo.