Mkwara mmoja kwa Wafalme watatu: hesabu za poka katika karata tatu

Mwaka 1950 mwanahisabati Mmarekani Harold Kuhn alichapisha mchezo wa poka alioupunguza hadi ukabaki na karata tatu tu: Mfalme, Malkia na Jeki. Wachezaji ni wawili. Kila mmoja anaweka kete moja mezani na kupewa karata moja. Ya tatu inabaki imefunikwa. Wa kwanza anaweza kuweka dau la kete moja au kupita. Akiweka dau, wa pili ama analipa kete moja ili karata zifunuliwe, ama anatupa karata yake na kitita cha kete mbili kinakwenda. Wa kwanza akipita, zamu ya kuweka dau inahamia kwa wa pili, na wa kwanza ndiye atakayeamua alipe au atupe. Hakuna kupandisha dau. Mfalme humshinda Malkia, Malkia humshinda Jeki. Mchezo huu ni mdogo kiasi kwamba hesabu zake zote zinaenea kwenye karatasi moja, lakini yale maswali mawili yanayowasumbua wacheza poka wa meza kubwa yamo humo yakiwa uchi. Anayeweka dau apige mikwara mingapi kwa kila dau la kweli? Na anayewekewa dau alipe mara ngapi ili asionewe? Hoja yangu ni kwamba kila jibu linatokana na hesabu ya faida na hasara ya mpinzani, wala si ya mwenye kulitumia, na kwamba makosa mengi ya poka huzaliwa pale mtu anapolisahau hilo.

Tuanze na anayeweka dau. Mchezaji wa kwanza ana njia zaidi ya moja ya kucheza bila kosa. Nachukua ile ambayo kila akipata Mfalme huweka dau. Akiwa na Malkia hupita, kwa sababu dau la Malkia halimfukuzi Mfalme wala halilipwi na Jeki. Swali limebaki kwa Jeki, karata isiyoweza kushinda ikifunuliwa. Dau la Jeki ni mkwara mtupu: linafaulu tu mpinzani akitupa karata yake. Sasa keti upande wa pili ukiwa na Malkia mkononi, mbele yako kuna dau. Ukilipa, unatoa kete moja kwa matumaini ya kuchukua tatu, yaani mbili za kitita na moja ya dau. Chukua mikono 60 ya namna hii: katika 30 mpinzani ana Mfalme, katika 30 ana Jeki. Wafalme wote 30 wanawekewa dau. Akipiga mkwara na Jeki 10 kati ya 30, wewe unayelipa kila mara unapoteza kete 30 kwa Wafalme na kupata kete 30 kwa Jeki. Kulipa na kutupa vinakuwa sawa kwako. Hapo ndipo penye uwiano: mkwara mmoja kwa kila madau matatu ya kweli, au robo ya madau yote.

Atakayeuacha uwiano huo atalipia. Mpiga mikwara wa kupindukia, anayeweka dau na Jeki zote 30, anampa mwenye Malkia sababu ya kulipa kila wakati: kete 90 zinaingia, 30 zinatoka. Mwoga asiyepiga mkwara hata mmoja naye anaumia, ila kimyakimya. Mwenye Malkia akishamjua hutupa karata kila anapoona dau, na tangu hapo Mfalme haambulii kete ya ziada hata moja. Uwiano wa moja kwa tatu ndio mahali pekee ambapo mwenye Malkia hana la kuchuma, afanye atakalo.

Hapa msomaji makini atauliza: kama mpinzani naye anacheza bila kosa, mkwara unaingiza nini? Jibu ni kwamba hauingizi kitu, na hilo ni matokeo halali ya hesabu. Faida iko kwa Mfalme. Malkia analipa mara moja moja kwa sababu anajua Jeki wapo miongoni mwa madau, na anapolipa mara nyingi zaidi humkuta Mfalme. Kwa hiyo anayejisifu kwa mkwara uliofaulu anahesabu mapato kwenye ukurasa usio wake.

Tugeuze meza. Sasa una Jeki na unafikiria kupiga mkwara. Dau lako ni kete moja na unawania mbili. Mpinzani akitupa karata theluthi moja ya wakati, unatoka sare. Akitupa zaidi ya hapo, Jeki yoyote inakuwa mali. Basi anayetetea anapaswa kulipa angalau theluthi mbili ya wakati, na hicho ndicho kiwango cha chini cha utetezi. Ajabu ni kwamba jawabu la Kuhn linamtaka mwenye Malkia alipe theluthi moja tu. Je, hesabu zimegongana? Hapana, kwa sababu kiwango cha utetezi hupimwa kwa karata zote anazoweza kuwa nazo mteteaji, si kwa karata moja. Katika mikono 60 ambayo wewe una Jeki, mpinzani ana Mfalme mara 30 na Malkia mara 30. Mfalme analipa zote 30, Malkia analipa 10, jumla 40 kati ya 60. Mikwara yako 20 iliyofaulu inakuletea kete 40, ile 40 iliyoshikwa inakutoa kete 40.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi wa kwanza anapopita na wa pili akaweka dau. Kwa kuwa katika njia tuliyochagua Mfalme hapitishwi kamwe, aliyepita na bado anaweza kulipa ana Malkia tu. Hakuna Mfalme wa kumsaidia kutetea, hivyo Malkia yuleyule aliyelipa theluthi moja sasa inambidi alipe theluthi mbili peke yake. Karata haikubadilika, dau halikubadilika, kitita ni kilekile. Kilichobadilika ni kundi la karata linalosimama nyuma yake. Huyo anayesema “Malkia hulipa” au “Malkia hutupa”, kana kwamba jibu limeandikwa juu ya karata, hajaanza kuucheza mchezo.

Kutoka hapo kanuni za jumla zinakuja bila shida. Kitita kikiwa K na dau D, utetezi wa chini ni K / (K + D), na sehemu ya mikwara katika madau yote ni D / (K + 2D). Dau la nusu ya kitita linarudisha namba za Kuhn: theluthi mbili na robo. Dau linalolingana na kitita linataka utetezi wa nusu na mkwara mmoja kwa madau mawili ya kweli. Dau la mara mbili ya kitita linashusha utetezi hadi theluthi moja na kuruhusu mikwara miwili kwa madau matatu ya kweli. Kumbe anayetisha kwa dau kubwa ana haki ya kutisha mara nyingi zaidi, kinyume cha wanavyodhani wengi wanaoliona dau kubwa kuwa ushahidi wa karata kubwa.

Pingamizi zito zaidi linahusu utetezi. Watu hukichukua kiwango hicho kama amri: nimewekewa dau la nusu ya kitita, basi lazima nilipe theluthi mbili ya wakati. Si amri. Kwanza, kimejengwa juu ya dhana kwamba mwenye mkwara akipita hapati kitu. Kwa Jeki wa Kuhn ni kweli, kwa karata nyingi za poka halisi si kweli. Tuseme kitita ni 100 na dau ni 100, na karata ya mpiga mkwara, ikipitishwa, hushinda mara moja kati ya kumi. Kupita kuna thamani ya 10 kwake, kwa hiyo mkwara lazima umpe zaidi ya 10 ndipo aone faida. Anahitaji utupe karata asilimia 55 ya wakati, na wewe unatosheka kutetea asilimia 45 badala ya 50. Kabla ya karata ya mwisho mezani hesabu inazidi kuchafuka, maana hata mkwara ulioshikwa unaweza kugeuka mshindi. Kanuni hizi zinakaa vizuri zaidi mwisho wa mkono, kati ya watu wawili.

Pili, kiwango hicho ni kinga, nacho kina gharama pale ambapo hakuna hatari. Mpinzani asiyepiga mkwara kabisa anaweka dau na Wafalme 30 tu. Malkia anayelipa mara 10 anatoa kete 10 bure. Kwake dawa ni kutupa zote. Lakini utamjuaje? Madau ya nusu ya kitita yaliyofunuliwa yanapaswa kuwa na mikwara robo. Ukiona 40 yamefunuliwa, tegemea mikwara kama 10, na bahati pekee inaweza kuyumbisha namba hiyo kwa mbili au tatu. Ukihesabu saba, hujagundua chochote. Ukihesabu miwili, una sababu ya kuacha kinga na kutupa. Kuna tahadhari: unaona tu yale madau uliyolipa. Kama hulipa hasa siku unapohisi anadanganya, hesabu yako imechaguliwa na hisia zako na haifai kumhukumu mtu.

Kwa kipimo hiki tunaweza kuutazama mkwara ulioonyeshwa kwenye televisheni pengine kuliko wowote. Mwaka 2003 huko Las Vegas, kwenye shindano kuu la World Series of Poker lililokuwa na wachezaji 839, Chris Moneymaker alibaki na Sammy Farha. Karata zote tano zikiwa mezani, Moneymaker alisukuma kete zake zote bila kuwa na hata jozi. Farha, mwenye jozi ya tisa, akafikiri kwa muda mrefu kisha akatupa. Wengi huhukumu kosa la Farha kwa sababu kamera ilituonyesha karata za mwenzake. Hukumu hiyo haina msingi. Dau lilizidi kitita, hivyo kutupa zaidi ya nusu ya karata zake kulikuwa halali kabisa, na swali la haki ni kama jozi ya tisa ilistahili kuwa upande wa zinazolipa au wa zinazotupwa. Mkono mmoja hauwezi kulijibu hilo. Farha alishindwa mkono ule. Kwamba alikosea, bado haijathibitishwa.