Mwaka Mmoja Unaopotea Kwenye Hesabu ya Ada

Mzazi anataka kumwekea mtoto akiba ya chuo. Ataweka kiasi kilekile mwishoni mwa kila mwaka kwa miaka 6, akianzia mwaka huu. Ada ni sh. 3,000,000 kwa mwaka, kwa miaka 4, na hulipwa mwanzoni mwa mwaka. Ya kwanza italipwa mwanzoni mwa mwaka wa 9. Akaunti inatoa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na riba hiyo inaongezwa kwenye akiba kila mwisho wa mwaka. Kipengele (a): aweke shilingi ngapi kila mwaka? Kipengele (b): ingekuwaje kama leo tayari ana sh. 2,000,000 ndani ya akaunti hiyohiyo?

Maswali ya namna hii wanafunzi wa uhasibu wanayajua sana, na fomula zake ni mbili tu: thamani ya sasa ya malipo yanayojirudia, na thamani ya baadaye ya malipo yanayojirudia. Kikokotoo chochote kinazimudu. Hata hivyo mtu anaweza kuzitumia zote mbili bila kukosea hata tarakimu moja, akapata sh. 1,018,607 kwa kipengele (a), na akawa amekosea. Jibu ni sh. 1,120,467. Tofauti ya laki moja na ushee imetokana na mwaka mmoja uliopotea kati ya swali na fomula, na mwaka huo haupotei kwa mtu aliyechora mstari kabla ya kugusa kikokotoo.

Mstari wenyewe ni huu. A ni akiba ya mwaka, 3 ni ada kwa mamilioni:

```
0   1   2   3   4   5   6   7   8   9   10  11
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
    A   A   A   A   A   A       3   3   3   3
```

Nukta 0 ni leo. Kila nukta ni tarehe, na kila nafasi kati ya nukta mbili ni mwaka. Hapo ndipo kazi ya kwanza ya mstari inapofanyika, na inafanyika wakati wa kuchora, kabla ya hesabu yoyote. Swali linazungumza kwa miaka, yaani nafasi, lakini pesa hulipwa kwa tarehe, yaani nukta. Mwaka wa 9 ni nafasi iliyo kati ya nukta 8 na nukta 9, kwa hiyo mwanzo wake ni nukta 8. Ni tarehe ileile ya mwisho wa mwaka wa 8. Asiyechora husoma “mwaka wa 9”, akaandika 9 kwenye fomula, na ada zote nne zikasogea mbele mwaka mzima. Aliyechora analazimika kuamua kalamu iguse wapi, na uamuzi huo unabaki kwenye karatasi mahali ambapo yeye mwenyewe au mwenzake anaweza kuukagua.

Kwa upande wa akiba hakuna mtego mkubwa. Mwisho wa mwaka wa 1 ni nukta 1, mwisho wa mwaka wa 6 ni nukta 6. Lakini angalia nukta 7: haina kitu. Katika maneno ya swali pengo hilo halionekani, kwa sababu hakuna sentensi inayosema kwamba mwaka wa 7 na wa 8 pesa inakaa tu ikizaa. Kwenye mstari linaonekana mara moja.

Sasa fomula. Thamani ya sasa ya ada nne za sh. 3,000,000 kwa asilimia 10 ni sh. 9,509,596. Kabla ya kufanya lolote na namba hiyo, uliza: ni pesa ya tarehe gani? Kikokotoo hakisemi. Jina “thamani ya sasa” nalo linapotosha, maana linamfanya mtu adhani ni pesa ya leo, au angalau ya siku ile ada ya kwanza inapolipwa. Si moja wala nyingine. Ifungue fomula uone ilivyojengwa: malipo ya kwanza yamegawanywa kwa 1.1, ya pili kwa 1.21, ya tatu kwa 1.331, ya nne kwa 1.4641, kisha yakajumlishwa. Malipo ya kwanza yenyewe yamerudishwa nyuma mwaka mmoja. Kwa hiyo jumla yake inasimama mwaka mmoja kabla ya malipo ya kwanza. Ada ya kwanza iko nukta 8, basi sh. 9,509,596 iko nukta 7, ileile iliyokuwa tupu. Iandike pale chini ya mstari, na uizungushie duara.

Fomula ya akiba imejengwa kwa namna nyingine. Katika thamani ya baadaye, malipo ya mwisho hayazidishwi kwa chochote, yanaingia kama yalivyo. Jumla yake basi inasimama palepale kwenye malipo ya mwisho, nukta 6, na ni sawa na A mara 7.71561. Kwa maoni yangu hapa ndipo vitabu vingi vinapowaacha wanafunzi njiani. Fomula hizi mbili hufundishwa kama pacha, ilhali moja inatua nafasi moja nje ya malipo yake na nyingine inatua juu yake. Mtu akizikariri bila kujua zinatua wapi, hana namna ya kuziunganisha.

Kwenye mstari kuziunganisha ni rahisi. Tuna sh. 9,509,596 kwenye nukta 7, na A mara 7.71561 kwenye nukta 6. Pesa za tarehe mbili tofauti hazilinganishwi, kwa hiyo tunachagua nukta moja ya kuzikutanisha. Nimechagua 6 kwa kuwa inahitaji hatua moja tu. Ukichagua 0 au 11 utapata jibu lilelile, ila utachoka zaidi. Kutoka 7 kwenda 6 ni nafasi moja, kwa hiyo tunagawa kwa 1.1 mara moja na kupata sh. 8,645,088. Gawa kwa 7.71561: sh. 1,120,467.

Yule wa sh. 1,018,607 alifanya moja kati ya mambo mawili. Ama aliweka ada ya kwanza kwenye nukta 9, ama aliiweka vizuri kwenye 8 lakini akadhani fomula inatua juu yake. Katika hali zote mbili aligawa kwa 1.1 mara mbili badala ya mara moja. Makosa mawili tofauti yanazaa jibu moja, kwa hiyo ukiangalia jibu peke yake huwezi kujua afundishwe nini. Ukiangalia mstari wake, unajua.

Ipo njia ya haraka ya kutambua aina hii ya kosa. Gawanya jibu sahihi kwa jibu lake. 1,120,467 kwa 1,018,607 ni 1.1. Ukipata 1.1, au 1.21, au kipeo kingine cha 1.1, hesabu zake zilikuwa safi na tatizo ni wakati tu. Lakini kipimo hiki kinakufa mara swali linapoongezewa sehemu nyingine. Katika kipengele (b), sh. 2,000,000 zinawekwa kwenye nukta 0 na kusogezwa nafasi sita hadi nukta 6, ambako ni sh. 3,543,122. Zitoe kwenye 8,645,088, gawa kwa 7.71561, na akiba ya kila mwaka inashuka hadi sh. 661,252. Aliyekosea (a) atapata sh. 559,392, na uwiano wa majibu hayo mawili ni kama 1.18, namba isiyomwambia mkaguzi kitu. Kosa bado ni lilelile la mwaka mmoja, ila sasa limejificha nyuma ya pesa iliyokokotolewa vizuri. Kwa aliyechora, kipengele (b) kilikuwa kuongeza alama moja tu kwenye nukta 0. Mengine yote yalibaki kama yalivyo.

Uthibitisho wa mwisho ni kutembea juu ya mstari na salio mkononi, nukta kwa nukta. Kwa jibu sahihi la (a), nukta 6 kuna sh. 8,645,088, nukta 7 sh. 9,509,596. Nukta 8 zimefika sh. 10,460,556, ada inatoka, zinabaki 7,460,556. Baada ya ada ya nukta 9 zinabaki 5,206,612, baada ya ile ya nukta 10 zinabaki 2,727,273, na nukta 11 zimekua zikawa 3,000,000 kamili, zinalipwa, akaunti inabaki sifuri. Ukitembea vilevile na akiba ya sh. 1,018,607, miaka mitatu ya kwanza ya chuo inalipika bila shida. Mwaka wa nne unakuta sh. 1,734,273. Mzazi anapungukiwa na milioni moja na robo hivi, mtoto akiwa amebakiza mwaka mmoja amalize.

Wanaotumia Excel nao hawajaepuka. Hesabu yote ya (a) inaingia kwenye mstari mmoja:

```
=PMT(10%,6,0,-PV(10%,4,-3000000)/1.1)
```

PV hapa inatua nukta 7 kwa sababu Excel inachukulia kwamba malipo yako mwisho wa kipindi usipoiambia vingine. Ukiongeza 1 kama kigezo cha tano cha PV, itatoa sh. 10,460,556, ambayo ni pesa ya nukta 8, na hapo utagawa kwa 1.1 mara mbili. Njia zote mbili ni halali. Kinachoharibu ni kuchanganya kigezo cha njia moja na mgawanyo wa njia nyingine, na programu haitatoa onyo. NPV ina mtego wa jamii hiyohiyo: namba ya kwanza unayoipa inachukuliwa kuwa ya nukta 1. Ukiiwekea ndani yake pesa ya leo, kila kitu kinarudi nyuma mwaka mmoja zaidi.

Ugumu halisi unaanza vipindi vinapotofautiana. Tuseme mzazi anaweka kila mwezi hadi mwisho wa mwaka wa 6, wakati ada bado ni ya mwaka. Mstari sasa unahesabiwa kwa miezi: akiba ya mwisho nukta 72, ada kwenye 96, 108, 120 na 132. Ukitumia riba ya mwaka kwa ada, fomula bado inatua “nafasi moja kabla” ya ada ya kwanza, lakini nafasi hiyo ni ya mwaka, kwa hiyo ni nukta 84. Anayeandika 95 kwa mazoea atairudisha pesa nyuma miezi 23 badala ya 12, na akiba yake itapungua kwa asilimia 8 na kidogo. Upande wa akiba unataka riba ya mwezi, na asilimia 10 inayoingia mara moja kwa mwaka si 10 gawa kwa 12. Ni mzizi wa 12 wa 1.1 ukitoa 1, yaani takriban asilimia 0.797. Huu uamuzi wa riba mstari haukufanyii. Unachofanya ni kukuonyesha kwamba nafasi zake zina urefu wa aina mbili, hivyo uandike juu ya kila kundi la malipo ni riba ipi inalihusu kabla ya kuanza kugawa.