Mabaki ya Fundi

Gari hutoka Kericho kwenda Bomet, likipitia Litein, Kapkatet na Kaplong. Makanga wake hurudi nyumbani jioni sauti imekauka, noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole, na mara nyingine ana mfuko wa nailoni aliouchomoa chini ya kiti cha nyuma. Ndani mna mabaki ya vitambaa. Mafundi wa nguo kando ya barabara hiyo walikuwa wakiyachoma. Yeye huyachukua wakati gari likisubiri kujaa. Aliyemtuma ni binti yake, aliyemaliza kidato cha nne na hakuipata karo ya chuo.

Binti hutengeneza mazulia madogo ya mlangoni. Soko lake liko nje ya kila mlango: alasiri mvua hunyesha, udongo ni mwekundu, na mchumaji akitoka kwenye chai hurudi na tope hadi kwenye vifundo vya miguu.

Kazi huanza kwa kuchambua. Anaumwaga mfuko juu ya turubai na kukishika kila kipande, kimoja baada ya kingine. Januari mfuko hujaa maruni, kijani na buluu, kwa kuwa mafundi wameshona sare za shule. Desemba huja vitenge na satini za harusi. Satini anaiweka kando mara moja, maana huteleza na kuchomoka. Kitambaa asichokijua anakichomoa uzi mmoja na kuugusisha kwenye kaa la jiko. Pamba huwaka na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, ikayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Zote mbili anazitaka, lakini kila moja ina mahali pake: pamba hunywa maji, kwa hiyo hukaa katikati panapokanyagwa, poliesta ya sare hainywi, ila hailali upesi, hivyo huzunguka ukingoni na kukwangua tope. Maruni anaisugua kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikiacha rangi, huoshwa hadi maji yatoke safi. Hana haraka katika hatua hii. Kogo wake alichuma chai miaka mingi, na binti huchagua vitambaa vile bibi alivyochagua majani mawili na chipukizi: mkono haufungi mpaka jicho limekubali.

Kisha ni mkasi. Kitenge hukikata kwa mshazari, si kwa kufuata nyuzi. Somo hilo lilimgharimu. Zulia lake la kwanza alilikata kwa kunyooka, na baada ya wiki chache mnunuzi akalirudisha: sakafu yote ilikuwa imejaa nyuzi. Kitambaa kilichokatwa sambamba na nyuzi zake hufumuka mstari mmoja baada ya mwingine. Kikikatwa mshazari, nyuzi za ukingoni huwa fupi na hushikana. Kitambaa cha fulana hakina shida hiyo, kwa kuwa hakifumuki, naye hukikata atakavyo.

Anakata tepe ndefu za upana wa sentimita 2. Kuzigawa anatumia rula ya mbao iliyovunjika. Anaizungushia tepe, mzunguko kando ya mzunguko, kisha anapitisha mkasi kwenye ukingo wa rula. Vipande vinaanguka, vyote vya sentimita 7, kwa sababu ndio mzingo wa rula hiyo. Hapimi kimoja kimoja, na hakuna kinachozidi mwenzake.

Kinachobeba zulia ni gunia la katani. Gunia moja kuukuu hununua kwa shilingi 120 na kulikata mara mbili. Anakunja pindo la sentimita 3 kila upande, kisha analifunga kwenye fremu ya mbao kwa kamba, akivuta kona moja, halafu ile inayoitazama, mpaka gunia likipigwa kwa kidole lilie kidogo. Likilegea, matundu hayafuati mstari.

Chombo chake kikuu ni msumari wa inchi sita uliosuguliwa kwa msasa hadi ncha ikawa butu na laini, ukatiwa mpini wa mkaratusi. Ncha kali ingekata nyuzi za katani. Hii inazisukuma kando tu. Anafanya kazi upande wa nyuma. Anatoboa tundu, anasukuma nusu ya kipande ipite chini. Sentimita moja na nusu mbele anatoboa tundu la pili na kuisukuma ncha iliyobaki. Kipande kinachofuata huanzia kwenye tundu hilohilo. Hapo ndipo siri ilipo: ncha mbili zikishiriki tundu moja hubanana, na katani ikirudi mahali pake huzikaba. Hakuna gundi, hakuna fundo. Akisikia mlio mdogo wa uzi uliokatika, huacha, akapiga kiraka cha katani kwa sindano ya gunia, ndipo aendelee.

Zulia la sentimita 40 kwa 60 humeza zaidi ya vipande elfu moja. Mchana anamsaidia mama yake shambani, kwa hiyo zulia ni kazi ya jioni, na moja huchukua kama wiki. Muda huo wote haoni uso wa kazi yake. Unaota upande wa chini, naye anaujua kwa vidole. Akimaliza, analigeuza, anakata ncha zilizochomoza, halafu analipiga mara kadhaa kwenye nguzo ya mlango. Mwisho anavuta vipande vichache popote, kwa vidole viwili. Kimoja kikitoka, mstari wote hufumuliwa na kurudiwa.

Hesabu yake iko kwenye daftari. Nusu ya gunia ni shilingi 60. Mabaki yalikuwa ya bure, lakini mafundi wameshajua yanakokwenda, na sasa mfuko ni shilingi 30. Akiongeza uzi na sabuni, zulia humgharimu karibu 100. Huliuza kwa 600. Manne kwa mwezi humwachia 2,000.

Mwezi wa Septemba mama mmoja mwenye duka Litein alisimamisha gari na kumwambia makanga amlete binti. Alitaka mazulia 20 kabla ya Oktoba, wakulima wa chai wapatapo bonasi, na alitaka kwa 350.

"Ni mengi, mami. Mzigo mkubwa hupunguziwa bei," alimwambia binti alipofika.

Binti alilichukua zulia la mfano, akaligeuza na kumwonyesha mistari ya nyuma. "Kwa 350, mama, itanibidi niyatenganishe matundu kwa sentimita tatu. Vipande vitapungua nusu, na mvua za mwezi mmoja zitavichomoa. Wateja watakurudishia wewe."

Mama akamgeukia baba wa binti. Makanga akacheka. "Mimi huyu simwingilii. Lakini mvua ikinyesha na steji ikijaa watu, uliwahi kuona nauli ikishuka?"

Walikubaliana mazulia sita, kwa 600, yakamilike katikati ya Oktoba, na nusu ya pesa mkononi. Binti alihesabu shilingi 1,800, akatenga 360 za magunia matatu, akaandika. Dada yake mdogo angekata vipande na kulipwa kwa kila mia, ili yeye ashike msumari tu.

"Nifanyie meupe," mama akasema. "Meupe hupendeza dukani."

"Meupe sitengenezi, mama. Udongo wa hapa utayamaliza kabla ya Krismasi. Nitakuwekea maruni ya pamba katikati na kijani ukingoni, nikishaiosha maruni ikaacha kutoa rangi."

Gari lilikuwa limejaa. Baba akagonga bodi mara mbili, nao wakapanda.