Shamari Ile Haikuhitaji Kunuswa

Ile ilikuwa shamari. Mliitazama fainali ya upishi, mliiona chupa ya kiungo ikitokea kwenye skrini kubwa, na naamini wengi wenu mlilitaja jina hilo mkiwa sebuleni. Mshiriki aliyekuwa anaongoza naye alianza kulitamka. Silabi ya kwanza ilimtoka mdomoni kabisa, kisha akasita, akakunja uso, akaangalia picha mara ya pili na kusema, “Bizari nyembamba. Napika pilau.” Mashindano yakamponyoka hapo hapo.

Mara ya pili aliangalia rangi. Punje zilionekana za kahawia, na kahawia ndiyo rangi ya bizari nyembamba, ambayo wengine mnaiita jira na Wazanzibari uzile. Shamari huwa na ukijani, kwa hiyo akaiondoa. Hoja hiyo ingesimama kama chupa ingekuwa juani. Tatizo ni kwamba ilipigwa picha chini ya taa ya njano, na ushahidi ulikuwa palepale chupani: lebo ya karatasi iliyogeuzwa nyuma, upande wake usioandikwa ukionekana pembeni. Karatasi nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya samli. Taa inayoifanya karatasi iwe samli itaufanya ukijani mwepesi uwe kahawia bila shida. Kabla ya kusoma rangi ya kiungo pichani, tafuta kitu unachojua ni cheupe. Kama hakipo, rangi iweke kando kabisa.

Hata chini ya taa nzuri rangi ni shahidi dhaifu. Shamari iliyokaa miezi mingi kwenye chupa ya kioo inayopigwa na mwanga hupoteza ukijani na kuwa ya rangi ya majani makavu. (Nimeshasema humu, na nitasema tena: chupa za kioo zilizopangwa dirishani ni pambo la nyumba. Viungo vinataka giza.)

Umbo halikudanganya. Pichani palikuwa na punje tatu zilizolala zimebanana na kioo, chini ya lebo. Kwanza, unene. Punje ya bizari nyembamba ni nyembamba kweli, imechongoka ncha zote mbili, na urefu wake ni milimita 4 hadi 6. Hizi zilikuwa na tumbo. Pili, mbavu. Shamari ina mbavu nene, zilizoinuka, zenye rangi nyepesi kuliko mifereji iliyo kati yake, hivyo hata picha isiyo kali huonyesha milia. Mbavu za bizari nyembamba ni nyembamba, tena zina vinyweleo vidogo vinavyoifanya punje ionekane imefifia kama ina vumbi. Milia pichani ilihesabika. Tatu, punje ya katikati ilikuwa na kikonyo kinene kidogo kichwani. Bizari nyembamba nayo hubaki na kikonyo mara nyingine, lakini huwa kama uzi.

Kisha kipimo. Watu hulalamika kwamba picha haina rula, ilhali kifuniko kilikuwa kinaonekana. Chupa ile ni ya jamu, ya kawaida, na kifuniko chake kina upana wa sentimita 6 na nusu hivi. Punje moja ilichukua takriban sehemu ya nane ya upana huo, yaani kama milimita 8. Punje iliyobanana na kioo cha mbele iko karibu na kamera kuliko kingo za kifuniko, kwa hiyo huonekana kubwa kidogo kuliko ilivyo. Punguza, iwe 7. Bado ni ndefu kupita bizari nyembamba, na ni urefu wa kawaida kabisa wa shamari.

Angeweza kutetewa kama angesema kisibiti, maana hicho kinachanganya hata wazoefu. Nacho kina milia, na ni cha kahawia kwelikweli. Ila kisibiti kimepinda kama mwezi mchanga, na punje zake kwa kawaida zimeshaachana nusu kwa nusu, wakati shamari na bizari nyembamba mara nyingi hubaki pacha. Punje za pichani zilikuwa karibu zimenyooka.

Wapishi wa shughuli wa zamani wa Unguja, wale mabibi waliopikia harusi kwenye masufuria ya kuni, wasingebabaishwa na taa. Waliipokea bizari gizani alfajiri, wakaisugua kati ya vidole viwili, wakajua. Siku hizi tunanunua pakiti ya viungo vya pilau vilivyosagwa tayari, halafu tunashangaa vijana hawaijui punje nzima. Unga wenyewe ndio usiotambulika pichani: ukiniwekea bizari nyembamba iliyosagwa na giligilani iliyosagwa kwenye chupa mbili nitakisia tu, na yeyote anayedai anajua naye anakisia.

Sasa jikoni. Vitunguu vyake vilikuwa vya mfano: vimekolea rangi sawasawa, bila hata kimoja kuungua. Nyama iliiva.

Kisha akafungua chupa. Kamera ilimkaribia na sote tuliona pua yake ikimwambia ukweli, kwa sababu harufu tamu ya shamari haifanani hata chembe na ukali wa bizari nyembamba. Kanuni zilimkataza kubadili chakula na zilimlazimu kutumia kiungo kilichomo. Hazikutaja kiasi. Angetwanga nusu kijiko cha chai, akaacha iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga zishike usukani, pilau ingekuwa ngeni kidogo lakini inalika. Yeye alitwanga vijiko viwili vya mezani vilivyojaa, kipimo ambacho kwa kilo moja ya mchele kingekuwa cha ukarimu hata kama ni bizari nyembamba yenyewe, akavimimina vyote kwenye mafuta ya moto. Utamu wa shamari unatokana na anetholi, na anetholi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukishaikaanga hivyo, kila punje ya wali itakayopakwa mafuta yale itaubeba. Kuongeza supu, alivyofanya, hakusaidii. Kilichobaki ni kuengua mafuta juu ya supu kabla mchele haujaingia, na mwiko alikuwa nao mkononi.

Na angalitamka jina alilolianza, chakula kilikuwa kinamsubiri. Nyama ile ile ingekuwa rogani joshi ya Kashmiri: shamari ya unga, tangawizi kavu ya unga, pilipili nyekundu na mtindi. Shamari huko ni nguzo, na kwa nusu kilo ya nyama vijiko viwili vya chai vinatosha. Pale mezani palikuwa na tangawizi kavu na mtindi, na hakuna aliyevigusa.

Majaji nao wana lao. Walimkata alama kwa jina, sawa, kisha wakamrudishia kwa “ujasiri wa ladha” na kwa mistari ya mchuzi aliyochora pembeni ya sahani, ugonjwa ambao nimeupigia kelele tangu msimu wa kwanza. Mmoja wao alisifu hata “bizari iliyokaangwa vizuri”, na alikuwa amekwisha kuambiwa, na kumeza, kwamba ni shamari.