Vishimo Tisini na Sita

Kazi inaanza na barafu. Kabla hajagusa sampuli yoyote, fundi wa maabara, mzaliwa wa Kisiwa Panza aliyehamia Chake Chake kikazi, anajaza barafu iliyosagwa kwenye ndoo ndogo na kuchimbia humo kichupa kisichozidi kidole gumba. Ndani mna majimaji ya rangi ya manjano, seramu ya simbilisi, iliyotoka kwenye friza la nyuzi 70 chini ya sifuri. Anaiacha iyeyuke yenyewe. Haitikisi, haiishiki kiganjani kuiharakisha. Ikikaa kwenye joto la chumba nguvu yake inapungua, na ikishayeyuka hairudishwi kuganda: itatumika leo au itamwagwa.

Nguvu hiyo ndiyo komplementi, kundi la protini thelathini hivi, nyingi zikitengenezwa na ini, zinazozunguka damuni zikiwa zimelala hadi kitu kiziamshe. Binadamu anayo, simbilisi anayo. Ya simbilisi inapendwa maabara kwa sababu ni kali na inafanya kazi vizuri pamoja na kingamwili za watu.

Anachotaka kupima ni kinga ya kipindupindu. Ugonjwa huu unazijua pwani za Zanzibar tangu karne ya kumi na tisa; daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1876. Huku kusini mwa Pemba, ambako watu wanaishi kwa kuvuka maji, kwenda dago na kurudi, unasafiri na wasafiri. Mwanzoni mwa 2009 Wizara ya Afya ya Zanzibar na Shirika la Afya Duniani walitoa chanjo ya kunywa, dozi mbili, katika shehia sita, tatu zikiwa za Pemba: Kengeja, Mwambe na Shamiani. Watafiti waliowafuatilia watu hao walikuta kwamba waliokunywa dozi zote mbili walikingwa kwa asilimia 79. Hesabu ya namna hiyo inapatikana kwa kusubiri nani ataugua na nani hataugua. Fundi huyu hasubiri mlipuko. Anauliza damu.

Amepanga mirija miwili ya seramu. Yote ni ya mtu mmoja: mmoja ulichukuliwa kabla ya chanjo, mwingine wiki mbili baada ya dozi ya mwisho. Anaitia kwenye beseni la maji lililowekwa nyuzi 56 na kutega saa dakika 30. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini hapo anaua komplementi ya mwenye damu na kuziacha kingamwili zake zikiwa hai. Jules Bordet alilifumbua jambo hili mwaka 1895. Mwaka mmoja nyuma, Richard Pfeiffer alikuwa ameona vimelea vya kipindupindu vikiyeyuka ndani ya tumbo la simbilisi mwenye kinga. Bordet akaonyesha kwamba uuaji ule unahitaji vitu viwili, kimoja kinachostahimili moto na kingine kisichostahimili. Kwa kuichoma komplementi ya mwenye damu na kutia ya simbilisi kwa kiasi kile kile kwenye kila kishimo, fundi anahakikisha kwamba tofauti yoyote atakayoiona jioni imetokana na kingamwili peke yake.

Kisha sahani: plastiki angavu yenye vishimo 96, safu nane za vishimo kumi na viwili. Anatia maji ya chumvi baridi, mikrolita 25 kwa kila kishimo isipokuwa cha kwanza cha kila safu, yote kwa pipeti. Kishimo cha kwanza cha safu kinapokea seramu iliyozimuliwa mara kumi. Anavuta nusu ya kilichomo, anaitia kishimo cha pili, anachanganya kwa kuvuta na kusukuma taratibu, anavuta tena nusu, anakwenda cha tatu. Kumi, ishirini, arobaini, themanini. Mkono hauongezi kasi. Ncha ya pipeti inaingia kina kile kile kila mara, na hasukumi hadi mwisho kabisa, maana povu moja la hewa lingepunguza kipimo, na kosa lililoingia kishimo cha tatu linarithiwa na vyote vinavyofuata. Kila seramu anaipa safu mbili; zikipishana zaidi ya hatua moja, anarudia yote.

Vimelea vyenyewe, Vibrio cholerae, vimekuzwa tangu asubuhi kwenye mchuzi wa virutubisho hadi vikawa katika mwendo wa kuzaana. Vilivyochoka havifai, majibu yake hayatabiriki. Amevisuuza kwa maji ya chumvi, akapima ukungu wake kwa mwanga, akavizimua. Sasa kichupa kinatoka barafuni. Komplementi na vimelea vinachanganywa vikiwa baridi, vinagawiwa vishimoni, na sahani inaingia inkubeta, nyuzi 37, saa moja.

Nje hakuna cha kutazama. Ndani ya kishimo ndiko kwenye kazi.

Kingamwili kubwa kuliko zote, IgM, ina matawi matano yenye mikono miwili kila moja. Ikielea peke yake imetandaa bapa na komplementi haijali. Ikizishika kwa mikono kadhaa sukari zilizo kwenye ngozi ya nje ya kimelea, inajikunja na kuinuka katikati, mfano wa pweza aliyekumbatia jiwe, na hapo sehemu zilizokuwa zimefichika chini ya mwili wake zinajitokeza. Protini ya kwanza ya komplementi, C1q, yenye vichwa sita, inazidaka sehemu hizo. IgM moja tu iliyojikunja inatosha kuiamsha. IgG ni ndogo, yenye mikono miwili tu, na C1q haiamki mpaka ikute IgG mbili au zaidi zikiwa jirani kabisa juu ya ngozi ile ile. Zikiwa chache na zimetawanyika, jirani hapatikani. Ndiyo maana uuaji unaoonekana kwenye sahani hii, baada ya chanjo ya kipindupindu, kwa sehemu kubwa ni kazi ya IgM.

Kuanzia hapo protini moja inakata nyingine. Muhimu kuliko zote ni C3, ambayo ndiyo nyingi zaidi damuni. Ikikatwa, kipande kikubwa, C3b, kinafunua mahali penye uwezo wa kugandana na chochote, lakini kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kikichelewa, maji yanakizima. Kwa hiyo kinagandia hapo hapo kilipokatiwa, juu ya kimelea, na hakifiki mbali. Mkataji mmoja aliyekaa mahali pake anakata C3 kwa mamia. Baadhi ya C3b hizo zinasaidia kukata C5, na kipande cha C5 kinaanza kuwaita wengine: C6, C7, C8, mwishoni C9 hadi kumi na nane hivi, zikijipanga duara na kutoboa utando. Tundu lina upana wa nanomita kumi hivi. Maji yanaingia, kimelea kinavimba, kinapasuka.

Tulipokuwa tukisubiri nilimwuliza kama sahani hii ingeweza kupima bakteria wa kichomi, ile nimonia inayoua watoto. Akatikisa kichwa. "Huyo hapasuki, mwanangu. Ukuta wake mnene, tundu halifiki kwenye utando. Huyo mpaka aliwe."

Kwa bakteria wa aina hiyo, C3b inayogandia ndiyo shabaha yenyewe. Chembe nyeupe za damu zina vishikizo vya kuitambua C3b na vingine vya kuutambua mkia wa IgG. Bakteria aliyepakwa vyote viwili anashikwa na kumezwa. Mwaka 1903 Almroth Wright na Stewart Douglas walikiita kipakwa hicho opsonini. Ila bakteria wa kichomi amevaa koti la sukari. Kama kingamwili zinashika ukuta ulio chini ya koti, C3b inalala huko chini na chembe nyeupe, ikipita juu, haiigusi. Ni lazima IgG ilishike koti lenyewe, ili upakaji ufanyike nje, mahali panapofikika. Kipimo chake kina sahani yake na taabu yake: inabidi kutia pia chembe za kula, zinazokuzwa maabara, kiasi cha mia nne kwa bakteria mmoja, pamoja na komplementi ya mtoto wa sungura, halafu kuhesabu makundi ya bakteria walionusurika. Kwenye sahani ya leo C3b inapaka vilevile, lakini hakuna wa kula. Kinachopimwa ni kupasuka tu.

Saa moja imetimia. Anaongeza mchuzi wa virutubisho na kuirudisha sahani ndani. Vilivyonusurika vitazaana na kuutia mchuzi ukungu. Kishimo cha waliokufa kitabaki angavu. Baada ya saa mbili na zaidi, vishimo visivyo na seramu vinapofikia ukungu unaotakiwa, anaiweka sahani chini ya msomaji wa mwanga.

Haangalii majibu kwanza. Anaangalia vidhibiti. Vimelea na komplementi bila seramu: vimekua vizuri, maana yake komplementi haiui peke yake. Ingekuwa kali mno hapa pangekuwa angavu, na sahani nzima ingesema uongo wa kuvutia. Seramu na vimelea bila komplementi: vimekua, maana yake lile joto la nyuzi 56 lilifanya kazi. Seramu ya kumbukumbu, ambayo jibu lake linajulikana tangu zamani: imetoa lile lile. Komplementi ingekuwa imekufa, kila kishimo kingekuwa na ukungu, na mtu mwenye haraka angeandika kwamba chanjo imeshindwa.

Sasa safu. Ukungu wa kidhibiti ni 0.40, kwa hiyo mpaka ni nusu yake, 0.20. Damu ya kabla ya chanjo inaua hadi kwenye uzimuaji wa 20, kisha ukungu unapanda. Damu ya baada: 0.03, 0.03, 0.04, inaendelea chini hivyo hivyo, kwenye 320 inasoma 0.11, kwenye 640 inaruka hadi 0.28. Jibu ni 320. Safu ya pili inakubali. Ongezeko ni mara kumi na sita, na mara nne tu zingetosha kuhesabiwa kuwa mwili umeipokea chanjo.

Hapo ningefurahi nikafunga daftari. Yeye ana neno. Vimelea vya kipindupindu haviingii damuni. Vinakaa kwenye utumbo mwembamba, vikishikilia utando wa ute. Huko komplementi ni haba, na kingamwili inayotawala ni IgA, ambayo haiiamshi C1q kabisa. Kazi yake ni kuvifunga vimelea pamoja na kuvizuia kuogelea, vipite na ute bila kugusa ukuta wa utumbo. Kupasuka tulikokupima ni alama ya damuni ya jambo lililotokea kwingine. Alama hiyo inaaminika: kwenye maeneo ya kipindupindu wenye namba kubwa huugua mara chache zaidi. Lakini hakuna namba ambayo ukiivuka hushikwi tena.

Anamimina dawa ya klorini kwenye vishimo vyote 96 na kuvua glavu. Kwenye safu ya matokeo anaandika 20, kisha 320, na pembeni, "imepanda mara 16". Kuna nafasi ya maoni karibu yake. Neno "amekingwa" haliandiki.